MASWALI YAPANGWE KWA FOLENI YA WATU, SI KWA MILANGO YA OFISI



Siku hizi ofisi nyingi za serikali zina karatasi ya maswali na majibu. Nyingine zimeibandika ukutani, nyingine zimeiweka katika mtandao ili mtu aisome kwa simu yake. Juu yake pameandikwa "Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara." Sisi twasema kwamba karatasi nyingi za namna hiyo hazistahili jina hilo. Swali la kwanza huwa ni "Ofisi hii ni nini?" La pili, "Iliundwa kwa sheria gani?" La tatu, "Kazi zake ni zipi?" Twauliza: ni mfanyakazi gani amewahi kupanda matatu kutoka Ishiara mpaka Embu, akalipa nauli, akasimama katika foleni, ili amwulize karani kwamba ofisi yake iliundwa kwa sheria gani?

Maswali hayo hayakuulizwa na watu. Ofisi ilijiuliza yenyewe, kisha ikajijibu. Swali la kweli liko chini, la kumi na tisa au la ishirini na tatu, nalo limejibiwa kwa maneno mengi hata msomaji hajui kama ameambiwa ndiyo au la. Basi anafunga simu na kwenda ofisini. Siku moja ya kazi imepotea, na nauli pia, kwa ajili ya jibu la mstari mmoja.

Jambo hili latuhusu sisi wa reli hasa, na twaandika kwa ajili ya wenzetu wa Meru na Embu. Reli ya kaskazini hupita Sagana na kwisha Nanyuki. Haifiki Embu wala Meru. Kwa hiyo mwenzetu wa huko mara nyingi hufanya kazi mbali na nyumba yake. Mshahara wakatwa Nairobi au Mombasa, lakini mke na watoto wako Runyenjes au Maua, na wakiugua huenda hospitali ya huko. Mke hawezi kumwuliza karani wa mishahara. Ana simu na ile karatasi ya maswali tu. Ikiwa mbovu, yeye ndiye anayeumia kwanza.

Tutwae huduma moja tuichunguze, nayo ni bima ya afya. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 ile Hazina ya zamani tuliyoijua kwa jina la NHIF iliondoka, na mahali pake ikaingia Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo watu huiita SHA. Makato yalibadilika, uandikishaji ukaanza upya, na maswali yakawa mengi. Hatusemi kwamba ofisi fulani imekosa katika hili. Twataka kuonyesha jinsi karatasi ya maswali inavyopaswa kutengenezwa, kwa mfano ambao kila mwanachama aujua mfukoni mwake.

Kazi ya kwanza ni kuhesabu. Mtu asikae mezani akafikiri, "Watu watauliza nini?" Atafikiri kama ofisi. Atwae daftari la shule, aliweke penye meza ya kupokelea watu, na kila swali linalokuja aliandike kwa maneno ya mwenye kuuliza. Swali lile lile likija tena, apige mstari mmoja pembeni. Mistari mitano ifungwe pamoja, kama tunavyohesabu mizigo. Afanye hivyo mwezi mzima, wala si juma moja tu, kwa sababu maswali yana majira. Mwisho wa mwezi watu huuliza habari za makato. Katikati ya mwezi huuliza kama pesa zimefika. Shule zikikaribia kufunguliwa huuliza habari za watoto. Anayehesabu juma moja atapata sura ya juma hilo tu.

Twasisitiza yale maneno "ya mwenye kuuliza." Karani akisikia mtu anasema, "Nimekatwa pesa na hospitali yasema sijalipa," anaweza kuandika daftarini, "Hali ya michango." Akifanya hivyo ameharibu hesabu. Mwenye shida akitafuta katika simu yake hatatafuta "hali ya michango." Atatafuta maneno yake mwenyewe, "nimekatwa lakini sijalipiwa," na asipoyaona atadhani kwamba jibu halipo. Kichwa cha swali kiwe ni maneno ya huyo mtu.

Mwezi ukiisha, maswali yaliyo sawa yakusanywe pamoja. Tutoe mfano wa hesabu, nao ni mfano tu, si hesabu ya ofisi yo yote. Tuseme daftari lina maswali 200. Watu 62 wameuliza kama pesa walizokatwa zimefika. Watu 45 wameuliza wanakatwa kiasi gani na kwa nini. Watu 38 wameuliza jinsi ya kuwaandikisha mke na watoto. Watu 25 wameuliza kama watalipa wakienda zahanati. Hao ni 170. Waliobaki ni 30, nao wameuliza mambo ishirini mbalimbali, huyu hili na yule lile. Basi maswali manne tu yamewatosha watu 170 katika 200. Hayo manne ndiyo ya juu, kwa utaratibu huo huo wa hesabu. Mwenye simu ndogo atayaona bila kushuka chini sana. Hayo ishirini mengine yakae chini, na swali la sheria iliyounda ofisi likae mwisho kabisa, kwa mwanafunzi anayelihitaji.

Kazi ya pili ni kufupisha jibu. Kanuni yake ni moja: jibu litangulie, sababu ifuate. Wengi hufanya kinyume. Huanza na sheria, kisha kifungu, kisha "kwa kuzingatia hayo," na jibu lenyewe huja mwisho likiwa limechoka. Tazameni jibu la namna hii, ambalo tumelitunga kwa kufuata desturi hiyo: "Kwa mujibu wa sheria na kanuni zilizotungwa chini yake, kila mwajiri anawajibika kukata na kuwasilisha michango ya waajiriwa wake katika muda uliowekwa, na mwanachama anashauriwa kuhakikisha kwamba michango yake ni ya wakati." Hakuna uongo hapo. Lakini mke aliye Maua na mtoto mwenye homa mgongoni hajaambiwa afanye nini.

Sisi tungeandika majibu manne hivi.

Nimekatwa pesa, mbona hospitali yasema sijalipa? Piga *147# kwa simu yako ujue hali yako. Kama malipo hayaonekani, chukua karatasi yako ya mshahara umwendee mwajiri. Yeye ndiye mwenye kazi ya kuzipeleka pesa hizo, si zaidi ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata.

Nakatwa kiasi gani? Shilingi 2 na senti 75 katika kila shilingi 100 za mshahara wako wote, kabla ya makato mengine. Anayepata 20,000 hukatwa 550. Anayepata 30,000 hukatwa 825. Anayepata 40,000 hukatwa 1,100. Makato hayapungui 300 kwa mwezi.

Mke wangu na watoto wamo? Hawamo mpaka uwaandikishe. Kukatwa mshahara peke yake hakuwaingizi. Waandikishe kwa *147#, au nenda Kituo cha Huduma kilicho karibu nawe. Chukua kitambulisho chako na cha mke wako, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Nikienda zahanati nitalipa? Hulipi, ikiwa umeandikishwa na zahanati au kituo cha afya hicho ni cha serikali. Lakini ukilazwa katika hospitali kubwa, michango yako sharti iwe imelipwa.

Hayo ndiyo yote. Kila jibu huanza na neno ambalo mtu alikuja kulitafuta: piga, shilingi, hawamo, hulipi. Mtu akisoma mstari wa kwanza tu na simu ikazimika, amekwisha kusaidika. Tazameni pia kwamba katika jibu la makato tumeweka hesabu ya mishahara mitatu. Mtu hapendi kuambiwa "asilimia" kisha akaachwa atafute kalamu. Akiona mshahara ulio karibu na wake, ataelewa mara moja.

Sasa twafika penye hatari, maana hesabu peke yake yaweza kudanganya. Iko njia tatu za kudanganyika, na mwenye kupanga karatasi hana budi kuzijua.

Ya kwanza ni kuchanganya watu wawili katika foleni moja. Mfanyakazi wa mshahara na mkulima wa miraa wa Nyambene hawana swali moja. Sisi hukatwa kila mwezi. Yeye asiye na mshahara huulizwa habari za nyumba yake na mali yake, kisha hupangiwa kiasi, na mchango wake huhesabiwa kwa mwaka. Ikiwa daftari limewekwa mahali ambapo wenye mshahara ni wengi, maswali yetu yatapanda juu na yake yatazama. Likiwekwa Maua, itakuwa kinyume. Kwa hiyo kabla ya kupanga kwa wingi, karatasi igawanywe kwa milango miwili: "Nina mshahara" na "Sina mshahara." Ndani ya kila mlango maswali yapangwe kwa wingi wake. Tena orodha iliyohesabiwa Nairobi isiletwe Meru na Embu kama ilivyo. Daftari liwekwe huko huko.

Ya pili ni swali lisiloulizwa mara nyingi lakini lililo la uhai. Mtu mwenye mgonjwa mahututi haendi kuuliza swali katika meza ya ofisi. Anakimbia hospitali. Kwa hiyo katika daftari swali lake laweza kuwa na mstari mmoja tu, au halina kabisa. Je, liwekwe la ishirini? La. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yasema kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Neno hilo lingeandikwa juu kabisa, nje ya hesabu, katika sanduku lake: "Mgonjwa ni wa dharura? Nenda hospitali sasa. Kwa Katiba hupaswi kunyimwa matibabu ya dharura." Utaratibu wa wingi una nafasi yake, lakini jambo la uhai halingojei foleni. Hata sisi katika njia ya reli twajua kwamba ishara ya hatari haitumiki kila siku, na bado huwekwa mahali inapoonekana kwanza.

Ya tatu ni kudhani kwamba kila swali linataka jibu tu. Swali likizidi kuulizwa, pengine kazi yenyewe imekaa vibaya. Tulitazame lile la kwanza la mfano wetu, la watu 62. Kwa nini mfanyakazi hajui kama pesa zake zimefika? Kwa sababu karatasi yake ya mshahara yaonyesha kwamba amekatwa, lakini haimwambii kama pesa za mwezi uliopita zilipelekwa, na tarehe gani. Mwajiri akipiga chapa mstari mmoja zaidi, "Mchango wa bima wa mwezi uliopita ulipelekwa tarehe fulani," wengi wa wale 62 hawatakuja tena. Jibu zuri huwasaidia waulizaji, lakini kurekebisha kazi huondoa swali. Jambo hilo chama chaweza kulidai katika mazungumzo na waajiri, wala halina gharama kubwa.

Hatukuyavumbua haya sisi. Serikali ya Uingereza ilipokusanya kurasa za ofisi zake mahali pamoja, kwa jina la GOV.UK, mwezi wa Oktoba 2012, waandishi wake walikwenda mbali zaidi. Walikataa kabisa orodha za maswali ya mara kwa mara. Walisema kwamba jambo linaloulizwa na watu liandikwe katika ukurasa wake mahali linapohitajiwa, ili lisiulizwe. Katika ukurasa wao wa siku kuu, jambo la kwanza unaloliona kwa herufi kubwa ni siku kuu inayofuata na tarehe yake, maana hilo ndilo watu hulijia. Historia ya siku kuu haikuwekwa mbele. Sisi hatuoni ubaya wa orodha ya maswali, mradi iwe ya kweli, kwa sababu watu wetu wengi husomewa na jirani au mtoto, na swali na jibu husomeka vizuri kwa sauti. Lakini shabaha ni ile ile.

Tena hapa kwetu mfano upo tayari ukutani. Ofisi za serikali hubandika ubao wa mkataba wa huduma, wenye safu nne: huduma, mahitaji, gharama, muda. Ubao ule si wa kudharauliwa. Mtu akiusoma anajua anataka nini, alete nini, alipe ngapi, angoje siku ngapi. Kila jibu refu la karatasi za maswali lipimwe kwa safu hizo nne. Sentensi isiyomwambia msomaji afanye nini, alete nini, alipe ngapi au angoje kiasi gani, iondolewe au ishushwe chini.

Mtatuuliza, tutajuaje kwamba karatasi mpya ni nzuri? Si kwa kuwa wakubwa wameisifu. Kuna vipimo viwili. Kwanza, mpe karatasi mtu asiyejua jambo hilo, asome swali moja, kisha umwulize, "Sasa utafanya nini?" Akisema, "Nitapiga *147#," jibu limefaulu. Akisema, "Nitakwenda kuuliza," jibu limeshindwa, hata kama yeye hakosi kusoma. Pili, weka daftari tena mezani baada ya miezi mitatu na umwulize kila anayekuja kama ameisoma karatasi kwanza. Waliosoma wakizidi kuja na swali lile lile, kosa liko katika jibu. Wakija wasiosoma, kosa liko mahali ilipowekwa karatasi, au katika lugha yake.

Kuhusu lugha hatutasema mengi. Katiba, kifungu cha 7, yasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Basi karatasi ya Kiswahili si hisani. Na iandikwe Kiswahili ambacho mtu wa Siakago au Mikinduri aweza kumweleza mama yake kwa lugha ya nyumbani, kwa Kimbeere au Kimeru, bila kukwama katika neno. Kila karatasi iwe na tarehe chini: "Majibu haya yalisahihishwa siku fulani," na cheo cha mwenye kazi ya kuyasahihisha. Makato yakibadilika na karatasi isibadilike, jibu fupi lenye kosa litawapotosha watu upesi kuliko refu, kwa sababu fupi huaminiwa.

Sasa shauri letu. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 yampa kila raia haki ya kuomba habari katika ofisi ya serikali, na ofisi yapewa siku 21 za kujibu. Hatutaki kugombana, lakini haki hiyo tunayo. Twaomba tawi letu lifanye mambo matatu. Liweke daftari la maswali ya bima katika ofisi ya chama kwa mwezi mmoja, na wenzetu wa Meru na Embu waombe jamaa zao walete maswali yao pia, kwa maneno yao wenyewe. Kisha hesabu hiyo ipelekwe kwa barua kwa wasimamizi wa huduma huko Embu na Meru, pamoja na majibu mafupi tuliyoyaandika, wayasahihishe kama yana kosa. Tena barua hiyo iulize swali moja tu: katika meza yenu, ni maswali gani matano yaliyoulizwa zaidi mwezi uliopita?

Ofisi inayoweza kulijibu swali hilo tayari ina karatasi nzuri, imebaki kuipiga chapa. Isiyoweza kulijibu itahitaji kununua daftari kwanza.